Shajara ya mradi: kijitabu cha ratiba ya kumbukumbu kutoka kwenye maandishi ya familia yaliyotawanyika

Kazi yenyewe ni hii. Marehemu alifariki Septemba 3, 2023. Familia imepanga kukutana kumkumbuka Jumamosi, Agosti 31, 2024, na ukumbi umepatikana kwa dakika 90 tu, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tano na nusu. Kinachotakiwa ni kijitabu cha kurasa 8 za ukubwa wa A5, yaani karatasi 2 za A4 zilizokunjwa katikati, pamoja na karatasi moja ya mwongoza shughuli. Wageni wanaotarajiwa ni kama 120.

Julai 20: Kukusanya

Yaliyopatikana mpaka sasa: daftari la marehemu lenye kurasa chache zilizoandikwa, karatasi tatu za mtoto wa pili, ujumbe wa sauti wa shangazi, ratiba ya mazishi ya mwaka jana, picha sita zenye maandishi nyuma, na rundo la ujumbe kutoka kundi la familia kwenye simu.

Kishawishi cha kwanza huwa ni kufungua faili jipya na kuanza kupanga kurasa. Kikishinda, kazi hurudiwa, kwa sababu kila jina linalosahihishwa baadaye linasukuma mistari na kuharibu ukurasa mzima. Kwa hiyo hakuna ukurasa uliopangwa leo. Limetengenezwa jedwali la safu nne tu: jambo lenyewe, linasemaje, limetoka wapi, nani amelithibitisha. Kila tarehe, kila jina la mtu, kila mahali alipofanya kazi na kila wimbo uliotajwa umepewa mstari wake. Jambo likitajwa na watu wawili linaandikwa mara mbili, hata kama wanakubaliana. Safu ya tatu ndiyo inayookoa: mtu akiuliza baadaye "hili mmelitoa wapi?", jibu lipo.

Ujumbe wa sauti uandikwe neno kwa neno kabla ya kuufupisha. Shangazi anasema "alianza kazi mwaka ule barabara ilipofunguliwa". Hiyo si tarehe, lakini ni alama ya kutafutia tarehe, na mtu anayefupisha haraka ataitupa.

Julai 23: Tarehe zinazogombana

Jedwali limeonyesha migongano minne. Mitatu ilikuwa tahajia za majina, ikaisha kwa kumpigia simu mwenye jina. Wa nne ulikuwa mwaka wa kuzaliwa, na unafaa kuelezwa kwa kirefu kwa sababu mgongano wa aina hii hutokea karibu kila familia inapokusanya maandishi.

Nyuma ya picha moja kumeandikwa 12/11/48. Ratiba ya mazishi inasema alizaliwa 1949. Mtoto wa pili ameandika "aliaga dunia akiwa na miaka 75". Shangazi anasema miaka 74. Ukiyatazama kwa haraka utadhani kuna watu wanne wanaokumbuka vitu vinne, na utashawishika kupiga kura.

Kupiga kura hakufai, maana mambo haya hayana uzito sawa. Linalopaswa kuulizwa ni lipi limeandikwa na lipi limekokotolewa. Chukua 1948 kama ndiyo sahihi: 2023 kutoa 1948 ni 75, lakini alifariki Septemba, kabla ya siku yake ya kuzaliwa ya Novemba, kwa hiyo alikuwa bado na miaka 74. Shangazi yuko sawa. Mtoto wa pili alitoa mwaka kwenye mwaka bila kuangalia mwezi, akapata 75. Aliyeandika ratiba ya mazishi alifanya kinyume: aliambiwa miaka 74, akaitoa kwenye 2023, akapata 1949. Kwa hiyo madai mawili yalizaliwa na hesabu, na yote mawili yanaelezeka kutokana na 1948. Hakuna tena mgongano.

Imebaki 12/11. Ni tarehe 12 Novemba au 11 Desemba? Mwandiko wa nyuma ya picha ni ule ule wa daftari, na kwenye daftari kuna 25/3. Hakuna mwezi wa 25, kwa hiyo mwandishi huyu huanza na siku. Imeandikwa kwenye jedwali kuwa ni Novemba 12, 1948, na cheti kilichopatikana jioni kwa mtoto wa kwanza kikasema hivyo hivyo. Kama cheti kisingepatikana, kijitabu kingeandika mwaka peke yake. Mwaka ulio sahihi ni bora kuliko tarehe kamili yenye shaka.

Kanuni mbili zimewekwa kuanzia hapa. Ndani ya kijitabu, mwezi huandikwa kwa neno. Na umri hauandikwi popote kama tarehe mbili tayari zipo. Msomaji anayetaka umri ataukokotoa mwenyewe, nasi tunaondoa namba moja inayoweza kukosewa.

Agosti 1: Dakika 90 hazitoshi

Mambo yote yaliyoombwa na familia yamepangwa kwa mfuatano na kupewa dakika:

Kufungua na kukaribisha 3, wimbo wa kwanza 5, sala 3, wasifu 8, salamu za watu saba kwa dakika tano tano 35, wimbo wa pili 5, somo 4, tafakari 15, kimya na kuwasha mshumaa 4, picha kwenye skrini 6, shukrani za familia 4, matangazo 3, wimbo wa mwisho 5, sala ya kufunga 2.

Jumla ni 102. Hapo tayari tumezidi kwa 12, lakini hali ni mbaya zaidi ya hapo. Mambo ni 20 ukihesabu kila msemaji peke yake, na kati ya jambo na jambo kuna mtu anayeinuka, anayetembea, anayerekebisha kipaza sauti. Ipe kila nafasi hiyo dakika moja: 19 nyingine. Shughuli ni ya dakika 121. Dakika hizi za kuinuka na kutembea hazimo kwenye ratiba yoyote iliyochapishwa, na ndizo zinazowafanya watu waseme "tulianza kwa wakati, sijui tumechelewaje".

Jaribio la kwanza la kupunguza lilikuwa kukata kidogo kila mahali: wimbo dakika nne, sala mbili, salamu nne. Kwenye karatasi inapendeza. Kwa vitendo haifanyi kazi, kwa kuwa wimbo hauimbwi kwa kasi zaidi kwa sababu karatasi inasema hivyo, na msemaji aliyepewa nne atasema sita. Dakika zinazopatikana kwa uhakika ni za kuondoa jambo zima, maana ukiondoa jambo unaondoa na mwendo wake.

Yaliyoondolewa ni haya. Salamu zimebaki nne za dakika nne: mwakilishi wa ndugu, wa watoto na wajukuu, wa wafanyakazi wenzake, na wa majirani. Waliobaki watatu wameombwa maneno yasiyozidi 60 yachapishwe ukurasa wa 7. Hapo zimeokolewa dakika 19 za maneno na 3 za mwendo. Matangazo yamehamia kwenye kijitabu, jalada la nyuma. Picha zitaonyeshwa watu wakiwa wanaingia na kukaa, kabla ya saa nne. Tafakari ni 12 badala ya 15, kwa makubaliano na mwenye kuitoa, ambaye ndiye pekee mwenye mazoea ya kusema kwa kufuata saa. Sasa mambo ni 15, dakika 71, mwendo 14, jumla 85. Dakika 5 zinabaki bila mwenyewe, na zisigawiwe mtu.

Wasifu ulikuwa na shida yake. Rasimu iliyounganishwa kutoka karatasi za mtoto wa pili ina maneno 1,300. Msomaji aliyechaguliwa alipoisoma kwa sauti, kwa mwendo wa msibani na si wa habari za redioni, alifika maneno kama 100 kwa dakika. Hizo ni dakika 13, wakati zilizopo ni 8. Imekatwa mpaka maneno 780. Kilichotoka ni orodha ya vyeo na miaka yake; kimebaki kisa kimoja cha jinsi alivyokuwa akirekebisha baiskeli za watoto wa mtaa mzima na kuandika deni daftarini bila kulidai. Daftari lenyewe lipo, deni la mwisho liko pale na halina alama ya kulipwa. Ukilazimika kuchagua, acha jambo moja lenye kitu cha kushikika, utoe vyeo vitano.

Kupima kusifanyike kwa kusoma kimoyomoyo. Macho yana kasi kuliko mdomo, na utapata dakika nne mahali penye nane.

Agosti 6: Nyimbo

Maandishi yanasema "ule wimbo alioupenda" na mstari wa kwanza. Umepatikana katika vitabu viwili vya nyimbo, kila kimoja na namba yake. Kimoja kina beti 5, kingine 4, na ubeti wa pili unatofautiana maneno. Ukichapisha namba tu, nusu ya ukumbi itaimba kimoja na nusu kingine.

Ujumbe wa sauti wa shangazi ndio uliokata shauri, kwa kuwa anauimba ndani yake, beti tatu, kwa maneno ya kitabu cha pili. Zimechapishwa beti hizo tatu kamili, bila namba yoyote. Kiitikio kimeandikwa mara moja tu baada ya ubeti wa kwanza, na chini ya beti nyingine limewekwa neno "Kiitikio" kwa herufi za mlalo. Kukirudia kizima kila mara kulikula nusu ukurasa.

Wimbo wa mwisho ni wa siku hizi na una mwenye haki, kwa hiyo maneno yake hayachapishwi bila ruhusa. Tumeandika jina lake tu. Kwaya itauimba na watu watasikiliza.

Agosti 13: Kurasa

Sasa ndipo kurasa zinapangwa. Zinazotazamana kijitabu kikifunguliwa ni 2 na 3, 4 na 5, 6 na 7. Hilo ndilo linaloamua nini kikae wapi, kuliko uzuri. Rasimu ya kwanza iliweka wimbo wa pili ukianzia mwisho wa ukurasa wa 3 na kuishia juu ya wa 4, maana yake watu 120 wageuze karatasi katikati ya ubeti. Umehamishiwa wote ukurasa wa 4. Ratiba yenyewe iko ukurasa wa 2, wimbo wa kwanza wa 3, wimbo wa pili na somo 4 na 5, ambazo ni karatasi moja iliyo wazi katikati na haina kugeuza kabisa. Wasifu, ukiwa umefupishwa tena ili uenee ukurasa mmoja, ni 6, salamu zilizoandikwa 7, shukrani na matangazo 8.

Wasifu unasomwa mapema kuliko wimbo wa pili, lakini umechapishwa nyuma yake. Wengine katika familia walishtuka. Sababu ni kwamba wasifu unasikilizwa, wimbo unaimbwa kutoka kwenye karatasi. Kinachotumika kwa macho wakati wa shughuli ndicho chenye haki ya mahali pazuri; wasifu utasomwa nyumbani.

Kwenye ratiba ya ukurasa wa 2 hakuna saa isipokuwa ya kuanza. Ukiandika "4:25 Salamu" na ikafika 4:33, kila mgeni anajua mmechelewa na anaanza kuangalia saa. Dakika zote ziko kwenye karatasi ya mwongoza shughuli, pamoja na jina la msemaji, nani amfuate, nani achukue nafasi yake asipofika, na kipaza sauti kiko wapi. Ambaye hajathibitisha kwa kinywa chake haandikwi jina kwenye kijitabu. Panaandikwa "Salamu za majirani" na mwakilishi anaweza kubadilika mpaka asubuhi hiyo.

Herufi za maandishi ya kawaida ni ukubwa wa 12, za nyimbo 14, kwa sababu nyimbo husomwa mtu akiwa amesimama, karatasi ikiwa mbali kidogo na macho. Ukingo ni milimita 12 pande zote. Ya 8 ilijaribiwa ili kuingiza maneno zaidi, na kidole gumba cha msomaji kikafunika mwanzo wa mistari.

Agosti 15: Picha ya jalada

Picha iliyotumwa kwenye kundi la simu ina upana wa pikseli 640. Jaladani inatakiwa upana wa milimita 90, ambao ni inchi 3.54; 640 gawanya kwa 3.54 ni kama nukta 181 kwa inchi, na uso ulitoka na ukungu. Kwa karatasi lenga 300, yaani pikseli 1,063 kwa upana huo. Kuikuza kwa programu hakuongezi kilichopotea.

Picha ya asili ya karatasi, upana wa milimita 60, imepatikana na kupigwa skana kwa nukta 600 kwa inchi. Imetoa pikseli 1,417, zinazozidi mahitaji. Kama picha ya asili iko kwenye simu ya mtu wa mbali, aitume kama hati, si kama picha, ili isibanwe njiani.

Agosti 21: Usahihishaji na kufunga

Rasimu nzima ilitumwa kwanza kwa kundi lote. Ndani ya jioni moja yakaja maoni juu ya rangi, mjadala wa nani atangulie, na masahihisho mawili ya jina moja yanayopingana. Ikaondolewa. Badala yake kila tawi la familia limepelekewa mistari yake tu, likaombwa mtu mmoja ajibu: "Haya majina yako sawa? Kuna aliyesahaulika?" Majibu yakaja mafupi na yenye maana, mjukuu mmoja alikuwa amesahaulika, na mke wa mtoto wa tatu ameandikwa kwa jina la utani. Majina ya watoto yamepangwa kwa umri, na hilo limesemwa wazi juu ya orodha, ili mfuatano usisomwe kama daraja.

Kuanzia leo jioni mabadiliko yamefungwa. Kinachoruhusiwa ni jina lililokosewa, tarehe iliyokosewa, au msemaji aliyejitoa. Sentensi ambayo ingeweza kuwa nzuri zaidi inabaki ilivyo.

Agosti 27: Kuchapisha

Kurasa 8 kwenye karatasi 2 hukaa hivi: karatasi ya kwanza, mbele 8 na 1, nyuma 2 na 7, karatasi ya pili, mbele 6 na 3, nyuma 4 na 5. Kila upande jumla ya namba mbili ni 9, yaani idadi ya kurasa ongeza moja. Ni njia ya haraka ya kukagua kabla ya kuchapisha rundo.

Nakala ya majaribio ya kwanza ilitoka na kurasa za nyuma zimesimama kichwa chini. Printa ilikuwa imewekwa kugeuza karatasi kwa ubavu mrefu, ambayo ni sawa kwa barua, lakini karatasi iliyolala inayokunjwa katikati hugeuzwa kwa ubavu mfupi: `Flip on short edge`. Ya pili ilitoka na mfuatano usioeleweka kabisa. Faili lilikuwa tayari limepangwa jozi jozi, halafu programu ya kuchapisha ikalipanga tena. Chagua mmoja afanye kazi hiyo. Sisi tumetoa PDF ya kurasa za A5 zilizofuatana 1 mpaka 8, na kwenye Acrobat Reader tukachagua `Booklet`, `Both sides`, na `Binding: Left`. Ya tatu ilikuwa sawa, ikakunjwa, ikasomwa kwa kugeuza ukurasa mmoja mmoja na mtu ambaye hakuwa ameiona.

Karatasi ya gramu 80 ilionyesha maandishi ya upande wa pili nyuma ya uso jaladani. Ya gramu 100 imetosha. Vijitabu 125 ni karatasi 250. Pamoja na zilizoharibika na majaribio zimetumika 268 kutoka rimu moja ya 500.

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya A4. Kama hakuna yenye mkono mrefu, ifungue stepla yote iwe bapa, weka karatasi juu ya kadibodi nene, jalada likiwa juu, gonga pini mbili kwenye mstari wa mkunjo, bandua, kisha kunja miguu ya pini ndani kwa mgongo wa kijiko. Inachosha baada ya vijitabu thelathini hivi. Wawe watu wawili, mmoja akikunja na mmoja akibana.

Septemba 2: Baada ya shughuli

Shughuli ilimalizika ndani ya muda wa ukumbi. Salamu za wafanyakazi wenzake zilikwenda dakika 7, wimbo wa pili ulirudiwa kiitikio, na akiba ikabeba vyote viwili. Vijitabu vilivyobaki ni 9, vimegawanywa kwa matawi ya familia ambayo hayakufika.

Jedwali limekabidhiwa kwa mtoto wa kwanza pamoja na PDF na skana za picha mbele na nyuma. Kuna mstari mmoja bado hauna jina kwenye safu ya uthibitisho: mwaka alioanza kazi, ule wa barabara. Haukuingia kwenye kijitabu. Wasifu unasema tu "akiwa bado kijana".